Watoto 21 wa Walikale

Wanafunzi wenzangu, kuna jedwali moja ambalo sasa linajirudia karibu katika kila tasnifu ya isimujamii inayopita kitivoni kwetu. Lina safu tatu: jina la tabaka, idadi ya watu wake, na idadi ya waliochaguliwa. Chini yake mwandishi anaandika kwamba sampuli iligawanywa kwa uwiano, kwa hiyo kila kundi limewakilishwa kwa haki. Jopo linatikisa kichwa kukubali, ukurasa unafunguliwa, na hakuna anayeuliza tena.

Sina ugomvi na hesabu ile. Ugomvi wangu ni na neno “haki”. Mgawo wa uwiano ni njia nzuri ya kujibu swali moja tu, nalo ni swali la jumla: je, hali ikoje kwa watu wote wakichanganywa pamoja? Ukiutumia kujibu swali la kila kundi peke yake, kundi dogo ndilo linaloumia. Katika Masisi na Walikale, ambako wengi wetu tunakwenda kukusanya data, kundi dogo mara nyingi ndilo lililotupeleka huko.

Nitatumia mfano. Namba zake nimezitunga ili hesabu ionekane wazi, lakini umbo lake ni la tasnifu zetu za kila mwaka. Mtafiti anataka kujua kama mtoto anayeanza mwaka wa kwanza wa shule ya msingi anaelewa hadithi fupi anayosimuliwa kwa Kiswahili. Swali hilo si la mapambo. Katika mkoa wetu, Kiswahili ndicho lugha ya taifa inayotarajiwa kumfundishia mtoto miaka ya mwanzo, kabla Kifaransa hakijachukua nafasi. Lakini huko Walikale mtoto anaweza kuwa amekua na Kinyanga, Kikano, Kikumu au Kirega. Na Masisi amekua na Kihunde, Kinyarwanda au Kitembo. Kama haelewi Kiswahili siku ya kwanza, mwalimu anahitaji kulijua hilo kabla ya kufungua kitabu.

Mtafiti wetu ana orodha za shule zilizokubali kumpokea. Anazigawa katika matabaka matatu. La kwanza ni miji na vituo vya barabarani vya Masisi, kama Sake, Rubaya na Masisi-Centre: watoto 2,459. La pili ni vijiji vya milimani, pia Masisi: watoto 1,386. La tatu ni vijiji vya msituni Walikale: watoto 455. Jumla ni 4,300, na ana uwezo wa kuwasikiliza watoto 200.

Kabla ya hesabu, tazameni jinsi alivyogawa. Hakugawa kwa lugha ya nyumbani, ingawa utafiti wake ni wa lugha. Alifanya vizuri, kwa sababu mbili. Kwanza, tabaka lazima lijulikane kwa kila mtoto kabla hajachaguliwa. Orodha ya darasa inaonyesha shule iko wapi, lakini haionyeshi mama anaongea nini jikoni. Ukigawa kwa kitu usichokijua bado, utaishia kukisia lugha kwa jina la mtoto, na hapo umeshaharibu data kabla ya kuanza. Pili, Masisi si mahali pa kuingia kijijini na daftari lenye safu ya makabila. Idadi ya Wahunde na idadi ya Wanyarwanda imekuwa hoja ya ardhi na ya damu huko tangu kabla hatujazaliwa. Lugha ya nyumbani iulizwe baadaye, kwa upole, kama swali moja kati ya mengine. Tabaka liwe la mahali.

Sasa mgawo. Kanuni ni fupi: chukua idadi ya tabaka, igawanye kwa jumla ya watu, zidisha kwa ukubwa wa sampuli.

n_h = n × N_h / N

Kwa tabaka la barabarani tunapata 200 × 2,459 / 4,300, yaani 114.37. Kwa milimani tunapata 64.47. Kwa msituni tunapata 21.16. Hakuna sehemu ya mtoto, kwa hiyo tunakadirisha: 114, 64 na 21. Jumlisheni. Ni 199. Mtoto mmoja amepotea katika kukadirisha, na nimeona majedwali ambamo mtoto huyo hakutafutwa. Anakwenda kwa tabaka lililobakiwa na sehemu kubwa kuliko zote. Hapa ni milimani, ambako sehemu iliyokatwa ilikuwa 0.47. Njia hii ya baki kubwa ndiyo hiyohiyo inayotumika nchini mwetu kugawa viti vya Bunge. Hivyo mgawo wa mwisho ni 114, 65 na 21.

Uzuri wa mgawo huu ni kwamba kila mtoto, awe wa Sake au wa msituni, alikuwa na nafasi ileile ya kuchaguliwa: takriban mmoja kati ya 21 au 22. Kwa sababu hiyo unaweza kuwachanganya watoto wote 200 na kuhesabu asilimia moja kwa moja, bila marekebisho yoyote. Sampuli imejipima yenyewe.

Tuseme matokeo yalikuwa hivi. Barabarani, watoto 91 kati ya 114 walielewa hadithi. Milimani, 33 kati ya 65. Msituni, 6 kati ya 21. Jumla ni 130 kati ya 200, yaani asilimia 65. Ukipiga hesabu ya kosa la sampuli kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 95, unapata pointi 6.1 juu au chini. Kama angewachagua 200 kwa bahati nasibu tupu bila matabaka, kosa lingekuwa 6.6. Faida ya matabaka ipo, ila ni nusu pointi tu. Tasnifu nyingi huandika kana kwamba kugawa matabaka kunamaliza kosa, na hesabu inaonyesha kwamba sivyo.

Mpaka hapo kila kitu kiko sawa. Taabu inaanza katika sura ya nne ya tasnifu, pale mwandishi anapoliacha swali la jumla na kuanza kulinganisha maeneo. Anaandika: “Walikale ni asilimia 29 tu ya watoto wanaoelewa Kiswahili.” Kisha katika mapendekezo anasema walimu wa huko waanze na lugha za nyumbani. Huenda ana ukweli. Lakini asilimia ile 29 imesimama juu ya watoto 21. Kosa lake ni takriban pointi 19 juu au chini, na kwa idadi ndogo hivi hata kanuni yenyewe ya kosa huanza kuyumba. Maana yake ni kwamba hali halisi inaweza kuwa asilimia 10, na inaweza kuwa karibu asilimia 48. Katika hali ya kwanza, kufundisha kwa Kiswahili siku ya kwanza ni kuwazungumzia watoto ambao hawakusikii. Katika hali ya pili, karibu nusu ya darasa inakusikia, na shida ya mwalimu ni ya aina nyingine kabisa. Sampuli haikututenganishia hali hizo mbili. Ilitufaa kwa wastani wa 4,300 na ikatuacha gizani kuhusu wale 455.

Mtu atasema: basi tutumie mgawo bora wa Neyman. Jerzy Neyman alionyesha mwaka 1934 kwamba tabaka lenye watu wanaotofautiana zaidi lipewe sampuli kubwa kuliko uwiano wake. Nimeijaribu hapa. Kwa majibu ya ndiyo na hapana kama haya, tofauti ndani ya matabaka yetu matatu zinakaribiana, na kwa kanuni yake Walikale inapata watoto 22. Imeongezewa mmoja. Sababu si kwamba Neyman alikosea. Sababu ni kwamba naye alikuwa anapunguza kosa la jumla. Tabaka lililo sehemu ya kumi ya watu wote halina sauti kubwa katika jumla, ligawiwe kwa njia yoyote ya aina hiyo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kama tasnifu yako itasema neno lolote juu ya Walikale peke yake, anza na Walikale. Amua kwanza ni watoto wangapi wanahitajika ili sentensi hiyo isimame, kisha kinachobaki ukigawe kwa uwiano. Tuseme tumeamua 60 kwa msituni. Wanabaki 140, na tukiwagawa kati ya matabaka mawili ya Masisi kwa kanuni ileile tunapata 90 na 50.

Tumelipa nini? Kwa viwango vilevile vya uelewa, kosa la jumla linapanda kutoka pointi 6.1 hadi takriban 6.6, yaani tunarudi pale tulipokuwa kama tusingetumia matabaka. Na tumepata nini? Kosa la Walikale linashuka kutoka pointi 19 hadi karibu 11. Nusu pointi kwa jumla, dhidi ya pointi nane kwa wale ambao mapendekezo yanawahusu. Naona hiyo ni biashara ambayo mtu mwenye akili hawezi kuikataa, na bado hatuifanyi, kwa sababu jedwali lisilo la uwiano linaonekana kama upendeleo.

Lakini anayekubali biashara hii lazima akubali na deni lake. Sampuli ya 90, 50 na 60 haijipimi tena. Mtoto wa msituni sasa alikuwa na nafasi ya mmoja kati ya takriban 8, huku mwenzake wa Masisi akibaki na mmoja kati ya 27. Tuseme matokeo mapya ni 72 kati ya 90, 25 kati ya 50, na 17 kati ya 60. Ukiwachanganya kama zamani unapata 114 kati ya 200, asilimia 57. Jibu hilo ni baya, kwa kuwa Walikale sasa ni asilimia 30 ya sampuli wakati ni chini ya asilimia 11 ya watoto wote. Inabidi kila tabaka lirudishiwe uzito wake. Zidisha kiwango cha kila tabaka kwa idadi ya watoto wake: asilimia 80 ya 2,459, asilimia 50 ya 1,386, na 17 kati ya 60 ya 455. Jumlisha, gawanya kwa 4,300, na unapata karibu asilimia 65, jibu lilelile la mwanzo. Pointi nane zilizopotea katika mchanganyiko zimerudi.

Ndiyo maana nasema mgawo wa uwiano tunaupenda kwa sababu ya uvivu kuliko haki. Unatuondolea hatua ya uzito. Hatua hiyo ni mistari mitatu ya kuzidisha, na kila mwanafunzi wa lugha anaiweza kwa kikokotoo cha simu. Msomaji naye ana njia rahisi ya kumkagua mwandishi: aangalie kama jedwali la sampuli linafuata uwiano. Kama halifuati, na asilimia ya jumla imepatikana kwa kugawanya tu waliosema ndiyo kwa wote waliohojiwa, jibu hilo asiliamini.

Hoja iliyobaki ni ya wilaya hizi mbili zaidi kuliko ya vitabu. Kanuni nzima inasimama juu ya zile 2,459, 1,386 na 455. Nani alizihesabu, na lini? Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilikuwa ya mwaka 1984. Daftari la wapiga kura, ambalo kwingineko humsaidia mtafiti, halitufai hapa: uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi kwa sababu ya vita. Tunabaki na orodha za shule, nazo zinaandikwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo na watu hawangoji mwaka uishe ndipo wakimbie. M23 iliingia Masisi-Centre na Sake Januari 2025, na Walikale-Centre Machi mwaka huohuo, kisha ikaondoka Walikale-Centre Aprili. Katikati ya hayo kambi za wakimbizi pembeni ya Goma zilivunjwa na watu wakaanza kurudi makwao. Orodha iliyoandikwa Septemba haikuwa orodha ya watoto waliokuwa darasani Mei.

Tazameni kinachotokea kwenye jedwali. Tuseme milimani zimeondoka familia zenye watoto 500, na wamebaki 886. Mtafiti anafika na karatasi yake inayosema achukue 65, anawachukua 65, anarudi nyumbani akiwa na jedwali safi. Lakini huko mtoto alikuwa na nafasi ya mmoja kati ya takriban 14, wakati barabarani ilibaki mmoja kati ya 22. Jedwali bado linaitwa la uwiano, ila uwiano umeshakufa, na hakuna alama yoyote ndani yake inayoonyesha hivyo. Alama pekee ingekuwa safu ya nne ambayo hatuiandiki: idadi iliyokutwa siku ya kuhesabu.

Dawa ya hili ni rahisi. Usiende kijijini na idadi ya kuchukua. Nenda na kiwango. Kwa mgawo wetu wa kwanza kiwango kilikuwa mtoto mmoja kwa kila 21.5. Ukifika, andika upya orodha ya waliopo pamoja na mwalimu. Chagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia isiyozidi 21.5, kisha ongeza 21.5 mara baada ya mara. Kila unapofika kwenye sehemu ya desimali, panda kwa namba kamili inayofuata, na mtoto wa nafasi hiyo ndiye uliyemchagua. Endelea kuhesabu kutoka shule moja hadi nyingine bila kuanza upya, ili shule ndogo zisipotee. Kwa watoto 886 utapata 41 badala ya 65. Sampuli yako imepungua, ndiyo, lakini uwiano wake ni wa kweli. Na kama watoto wale 500 wameingia shule za barabarani, kiwango hichohicho kitawaokota huko. Wale waliotoka nje kabisa ya orodha zako hakuna kanuni itakayowarudisha. Hao watajwe kwa maneno katika tasnifu, kwa sababu aliyekimbia na aliyebaki huenda hawaongei Kiswahili sawasawa: aliyekaa mwaka mzima pembeni ya Goma amekisikia kila siku.

Najua jibu litakalotolewa dhidi yangu, nalo si jibu la mtu mjinga. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya theluthi ya ardhi ya mkoa, na sehemu kubwa ni msitu. Kuwafuata watoto 60 huko badala ya 21 ni siku nyingi za pikipiki na miguu, na fedha za tasnifu hutoka mfukoni mwa mzazi. Zaidi ya hapo, mtu akilazimishwa kupata 60 atawachukua wote kutoka shule moja iliyo karibu na barabara, na watoto 60 wa shule moja, waliofundishwa na mwalimu mmoja, hawatuambii mengi kuliko watoto 20 wa shule tofauti. Nakubali. Afadhali 30 kutoka shule sita kuliko 60 kutoka shule moja.

Lakini anayeshindwa kufika bado ana njia moja ya uaminifu, nayo haigharimu hata lita moja ya mafuta. Abaki na 21 wake, atoe asilimia 65 ya jumla pamoja na kosa lake, na aufute ule mstari unaosema Walikale ni asilimia 29. Badala yake aandike kwamba alikutana huko na watoto 21, kwamba 6 kati yao walielewa hadithi, na kwamba idadi hiyo haitoshi kumwamulia mwalimu lugha ya kuanzia. Jopo linaloona sentensi hiyo lisimkate maksi. Liwakate wale walioandika “haki” chini ya jedwali.